Saa ishirikishe namba, kishikwambi kipewe laini yake

"Mtaalamu, nimenunua saa janja yenye eSIM, na nina kishikwambi chenye tundu la laini. Kampuni yangu ya simu inasema nichague kushirikisha namba yangu au kuchukua laini nyingine kabisa. Sioni tofauti, maana zote mbili nalipia. Nataka niache simu nyumbani nikikimbia jioni, na bado nipatikane kwa namba yangu. Kishikwambi nacho kiwe na intaneti popote. Nifanyeje?"

Kwa saa, shirikisha namba. Kwa kishikwambi, chukua laini ya data yenye namba yake. Majibu yanatofautiana kwa sababu ya jambo moja ambalo wauzaji wa laini hawana kawaida ya kulieleza: namba yako ya simu haimo ndani ya kadi.

Ndani ya kadi, au ndani ya eSIM, mna utambulisho uitwao IMSI, wenye tarakimu zisizozidi 15, pamoja na ufunguo wa siri ambao mtandao hutumia kuthibitisha kwamba laini ni halali. Namba ambayo watu wanakupigia iko kwenye rejista ya kampuni, ambako imeandikwa kwamba namba fulani ni ya IMSI fulani. Ndiyo maana mtu akipoteza simu hupewa kadi mpya na namba yake inarudi vile vile. Kadi ni nyingine, IMSI kwa kawaida ni nyingine, kilichorekebishwa ni rejista.

Kushirikisha namba ni kuirekebisha rejista hiyo ili namba moja ielekee kwenye IMSI mbili au zaidi. Saa yako inapata laini yake halisi, yenye IMSI yake na namba yake ya kadi (ICCID), ila rejista inaihesabu kama mlango mwingine wa namba ile ile uliyo nayo. Kampuni nyingi huipa saa hata namba ya ndani, ambayo hutakiwi kuitumia wala kumpa mtu. Ukiiona kwenye ankara usishtuke, hujauziwa laini ya pili kwa siri.

Kuna wanaouliza kwa nini wasinakili tu laini ya simu na kuiweka kwenye saa. Mtandao hukumbuka kila IMSI iko eneo moja tu kwa wakati mmoja. Vifaa viwili vikijitambulisha kwa IMSI moja, kilichojisajili mwisho ndicho kinachopokea, na kingine kinakuwa kiziwi bila hata kukuambia. Isitoshe, eSIM haikubali kunakiliwa: ukiihamishia kwenye kifaa kingine, cha kwanza kinabaki bila laini.

Mtu akikupigia, mtandao unaotumia VoLTE (yaani simu za sauti zinazopita kwenye 4G) unaona vifaa viwili vimejisajili chini ya namba yako na kuvipelekea mwito vyote kwa pamoja. Cha kwanza kupokelewa kinachukua mazungumzo, kingine kinanyamaza. Ukipiga kutoka kwenye saa, mtandao unaweka namba yako kuu kama namba ya mpigaji, na mtu wa upande wa pili hajui kama umeshika simu au unazungumza na mkono wako.

Laini ya pekee haifanyi hayo. Ukipiga kwa saa, watu wanaona namba ngeni. Wakikupigia kwa namba yako ya siku zote, saa haina habari, isipokuwa uwe umeagiza simu zako zielekezwe kwenye namba ya saa. Njia hiyo inafanya kazi, na kuna watu wanaishi nayo kwa sababu kampuni yao haina huduma ya kushirikisha. Mimi siipendi. Lazima ukumbuke kuwasha agizo kila unapotoka na kulizima unaporudi, mara nyingi unalipia kila simu iliyoelekezwa, na namba ngeni inaendelea kuonekana kila unapopiga. Mahali ambapo laini ya pekee ndiyo sahihi kwa saa ni pale mvaaji hana simu kabisa, kwa mfano mtoto. Saa za Apple zina mpangilio wa namna hiyo, ambapo mzazi huiandaa saa kwa simu yake lakini saa inapata namba ya mtoto.

Kabla hujalipia chochote, hakikisha mambo matatu. La kwanza, simu na saa viwe chini ya kampuni moja, kwa kuwa rejista inayohusika ni ya kampuni hiyo. La pili, aina ya laini yako. Huduma hii hupatikana zaidi kwa laini za mkataba, na Apple wenyewe wanaeleza kwamba laini za kulipia kabla, za kampuni na za mipango ya zamani zinaweza zisikubaliwe. La tatu, modeli ya saa. Haitoshi iwe na eSIM, inatakiwa iwe kwenye orodha ya kampuni yako, na iwe imetengenezwa kwa masafa yanayotumika ulipo. Saa ndogo haina nafasi ya antena ya kila masafa, kwa hiyo watengenezaji huuza matoleo tofauti kwa maeneo tofauti ya dunia. Saa iliyonunuliwa mbali inaweza kufanya kila kitu isipokuwa kushika mtandao. Unapouliza, taja huduma kwa jina ambalo kampuni inaliita. Vodafone huiita OneNumber, AT&T NumberSync, Verizon NumberShare. Ukiuliza tu "laini ya saa", unaweza kupewa laini ya pekee ukidhani umeshirikishwa.

Kuunganisha kwenyewe si kazi kubwa. Washa Bluetooth, saa iwe karibu na imeshaunganishwa na simu. Kwenye iPhone ingia programu ya Watch, kisha sehemu ya mtandao wa simu. Kwa saa ya Samsung ingia Galaxy Wearable, kisha Mobile plans. Programu itakupeleka kwenye ukurasa wa kampuni yako, utathibitisha kwa tarakimu zitakazotumwa kwenye namba kuu, utakubali masharti, na saa itapakua laini yake. Programu inasoma EID ya saa yenyewe, yaani ile namba ya tarakimu 32 inayotambulisha chipu ya eSIM, kwa hiyo huhitaji kuiandika. Kama kampuni inatumia msimbo wa QR, ndani yake mna mstari wa namna hii:

```
LPA:1$anwani-ya-seva$msimbo-wa-laini
```

Kwa kawaida mstari huo hupakua laini mara moja tu. Ukiifuta laini kwenye saa ukidhani utaskani tena, utaambiwa msimbo umeshatumika, na itabidi kampuni ikutolee mwingine. Kwa hiyo laini ikikataa kuwaka, kufuta kuwe hatua ya mwisho. Anza kwa kuzima na kuwasha saa na simu.

Laini ikishawaka, wengi huishia hapo, na ndipo matatizo yanapojificha. Saa haitumii laini yake muda wote. Inapendelea kwanza kupitia simu kwa Bluetooth, simu ikiwa mbali inatafuta Wi-Fi inayoijua, na vyote viwili vikikosekana ndipo inawasha redio yake, kwa sababu redio hiyo inamaliza betri haraka. Matokeo yake, mtu anaweza kukaa muda mrefu akipokea simu kwenye saa na kuamini kwamba ameshirikishwa namba, kumbe kila mwito umepitia kwenye simu iliyo mfukoni. Siku anayoiacha simu ndipo anapogundua.

Kwa hiyo fanya jaribio la kweli kabla hujaanza kuitegemea. Zima simu kabisa, na kwenye saa zima Wi-Fi. Subiri hadi saa ioneshe imeshika mtandao. Kwenye Apple Watch fungua paneli ya vidhibiti na uangalie kitufe cha mtandao wa simu: kikiwa cheupe, laini ipo lakini saa inapitia njia nyingine, kikiwa kijani, inatumia laini yake. Sasa piga kutoka kwenye saa kwa mtu aliye karibu nawe na uangalie skrini yake. Kisha mwambie akupigie. Mwisho akutumie ujumbe mfupi wa kawaida. Hayo ni majaribio matatu tofauti, na kila moja linaweza kufaulu huku jingine likishindwa.

Skrini ya mwenzako ikionesha namba ngeni, laini ya saa imefunguliwa kama ya pekee, au ile namba ya ndani haijaunganishwa na yako. Hakuna kitu unachoweza kurekebisha kwenye saa. Piga kwa kampuni uwaambie kwa maneno hayo hayo: laini ya saa haijaunganishwa na namba kuu. Uwe na ICCID ya saa mkononi.

Saa ikigoma kupiga na kupokea ilhali intaneti yake inafanya kazi, angalia VoLTE. Washa simu kubwa, piga kwa namba yoyote, na utazame alama ya mtandao wakati mnazungumza. Ikibaki 4G au 5G, VoLTE inafanya kazi. Ikishuka hadi 3G au 2G kila unapopiga, laini yako kuu haina VoLTE au imezimwa kwenye mipangilio, na mwito wa namba iliyoshirikishwa kwa njia niliyoieleza hauna pa kupita. Iwashe, na ikiwa haipo, iombe kwa kampuni kabla ya kuilaumu saa.

Hali inayowachanganya watu zaidi ni saa kupiga vizuri lakini kutopokea simu kubwa ikiwa imezimwa. Chukua mfano wa mtu aliyewahi kuwa na saa yenye laini ya pekee. Wakati ule aliagiza kwamba simu yake isipopatikana, miito ielekezwe kwenye namba ya ile saa. Baadaye amenunua saa mpya, ameshirikisha namba, na laini ya zamani ameiacha ife. Agizo lake bado limo kwenye mtandao, kwa kuwa maagizo ya namna hiyo hayakai kwenye simu. Simu ikiwa imewashwa, kila kitu kiko sawa na saa inalia pamoja nayo. Akizima simu, kuna mitandao inayotekeleza agizo mara simu kuu inapopotea hewani, hata kama saa ipo, na mpigaji anapelekwa kwenye namba iliyokufa. Mwenye saa haoni dalili yoyote. Hakuna hata mwito uliokosekana.

Ukaguzi wake unafanyika kwenye simu kubwa, sehemu ya kupigia:

```
*#21#
*#61#
*#62#
```

Msimbo wa kwanza unaonesha kama miito yote inaelekezwa kwingine, wa pili kama inaelekezwa usipopokea, na wa tatu kama inaelekezwa usipopatikana. Kila mmoja utakurudishia namba inakokwenda. Ukikuta namba usiyoitumia tena kwenye ule wa tatu, ifute kwa `##62#`, zima simu, na urudie jaribio. Ukikuta namba ya kisanduku cha ujumbe wa sauti cha kampuni yako, hilo ni la kawaida. Jaribu kulifuta kwa muda uone kama saa inaanza kulia, na ikianza, iambie kampuni, maana mpangilio unaotakiwa ni saa ilie kwanza na kisanduku kifuate. Usikimbilie `##002#` ambayo watu hupeana kila mahali. Inafuta maagizo yote kwa pamoja, kikiwemo kisanduku, na hutajua lipi lilikuwa na kosa.

Jaribio la tatu, la ujumbe mfupi, ndilo ninalokuomba usilitegemee hata likifaulu. Kushirikisha sauti hakumaanishi kwamba SMS nazo zinagawanywa. Kampuni nyingine huzipeleka kwenye vifaa vyote, nyingine kwenye simu kuu pekee. Kwa Apple Watch, kanuni ya jumla ni kwamba ili SMS na arifa za programu nyingi zifike, iPhone iwe imewashwa na ina intaneti, hata kama iko mbali. Simu inapokea na kuisukumia saa kupitia mtandao. Kwa matumizi yako ya jioni jibu lake ni jepesi: ukiiacha simu nyumbani, iache ikiwa imewashwa, ina chaji, na imeunganishwa na Wi-Fi au data. Ukiizima ili kutunza betri, utapokea miito lakini unaweza kukosa ujumbe. Na kama unasubiri tarakimu za uthibitisho za benki, chukua simu. Menyu za USSD nazo ziache kwenye simu, saa haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Sasa kishikwambi. Hapa kushirikisha namba kunakupa kidogo sana, kwa sababu faida yake kubwa ni sauti, na vishikwambi vingi havipigi simu kwa laini. iPad yenye tundu la laini inatumia laini hiyo kwa data tu, haina sehemu ya kupigia kwa mtandao wa simu. Baadhi ya vishikwambi vya Android vinapiga. Njia ya kujua ni kuangalia kama kuna programu ya simu inayokubali laini iliyomo, usijibiwe na neno la kwenye boksi. Kwa data pekee huna haja ya namba yako kuwepo. Unachohitaji ni laini yoyote iliyo hai yenye bando, na ikiwezekana inayochota kwenye bando la laini yako kuu. Kampuni nyingi huuza laini ya ziada ya namna hiyo, na ndiyo ningeiuliza kwanza.

Vitu vya namba yako vitakifikia kishikwambi kwa njia nyingine isiyohusu laini. WhatsApp inaruhusu kuunganisha hadi vifaa vinne na akaunti ya simu yako kwa kuskani QR, navyo vinaendelea kufanya kazi hata simu ikiwa imezimwa, mradi usiiache zaidi ya siku 14 bila kuitumia. Miito na SMS za iPhone zinaweza kuonekana kwenye iPad ya akaunti ile ile, kupitia Calls on Other Devices na Text Message Forwarding, na simu za Samsung zina Call & text on other devices. Kwa iPhone, miito kwa kawaida inataka vifaa vyote viwili viwe kwenye Wi-Fi moja, isipokuwa kampuni yako iunge mkono Wi-Fi Calling kwa vifaa vingine.

Laini ya kishikwambi ina mtego wake, nao ni ile namba yake yenyewe. Kampuni hutuma humo taarifa za bando, na ukitaka kufungua akaunti ya kuisimamia, hutuma humo tarakimu za uthibitisho. iPad haina mahali pa kuzisoma SMS hizo, wala pa kupigia USSD ya kuangalia salio. Ujumbe umefika, umepokelewa, na hauonekani. Kwa hiyo kama laini ni ya kadi, iweke kwanza kwenye simu yako, isajili, fungua akaunti ya kampuni, ingiza barua pepe au namba yako kuu kama njia ya mawasiliano, weka bando linalojirudia lenyewe, ndipo uihamishie kwenye iPad. Kama ni eSIM, hakuna kuihamisha hamisha hivyo. Hakikisha usajili na njia ya mawasiliano vimekamilika kwa mhudumu kabla hujaipakua. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuchagua kadi kwa kishikwambi kinachoikubali.

Namba hiyo pia usiitumie kujisajilia chochote, si WhatsApp wala benki. Laini ya data ikikaa bila kutumika, kampuni huifunga na baadaye kumpa mtu mwingine namba yake, na aliyeipata ndiye atakayepokea tarakimu zako. Ukiwa unatumia kishikwambi mara moja moja, achana na laini ya pili na utumie hotspoti ya simu. Betri ya simu itaumia kidogo, lakini hakuna namba ya kulea. Angalia tu kama bando lako halina kikomo tofauti kwa hotspoti.

Siku ukiuza saa, au ukiipoteza, kumbuka kwamba kuiondoa laini kwenye programu si lazima kusimamishe malipo ya kila mwezi. Rejista na ankara viko kwa kampuni. Wapigie, wape ICCID ya saa, na waombe wafunge laini ya saa peke yake, uwaambie wazi kwamba namba inabaki kwenye simu. Mhudumu mwenye haraka akifunga "namba", vifaa vyote vinazima pamoja.